Je, h ni sifuri au si sifuri?

*Assalaam alaykum mwalimu. Mimi nasoma kidato cha tano, Wete. Tukitafuta derivativu tunaambiwa h si sifuri, ndiyo maana tunaruhusiwa kugawa kwa h. Mstari wa pili yake tunaandika h = 0 na jibu linatoka. Mbona ni kama tunadanganya? Na hiyo "kasi ya papo hapo" ni kasi ya kitu gani, ikiwa muda wenyewe ni sifuri?*

Waalaykum salaam, mwanangu. Jibu fupi ni kwamba h si sifuri, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna pahala inapogeuka. Kinachokutia shaka ni ule mstari wa mwisho, ambao sisi walimu tunauandika kwa mkato bila ya kusema kwa nini mkato huo unaruhusiwa. Na hukukosea kutilia shaka. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu wa Ireland, aliwauliza wafuasi wa Newton jambo hilihili, na majibu waliyokuwa nayo hayakutosha. Newton na Leibniz walikuwa wanapata majibu sahihi, lakini sababu ya usahihi wenyewe ilikuja kuwekwa sawa katika karne ya 19, kwanza na Cauchy mwaka 1821, kisha na Weierstrass. Kwa hiyo hapa nitakupa sababu yao, ila nitaipitisha kwenye tangi la maji.

Chukua tangi la lita 1000 lenye ukuta ulionyooka, lipo juu ya kijukwaa nyuma ya nyumba, limejaa. Unafungua mfereji wa chini na kuuacha wazi. Kila aliyeteka maji anajua kuwa mwanzo yanatoka kwa nguvu, na kadiri tangi linavyopungua ndivyo yanavyolegea, kwa sababu maji yaliyo juu ya mfereji ndiyo yanayosukuma. Torricelli, Mtaliano wa karne ya 17, alionesha kuwa kasi ya maji yanayotoka inafuata kipeuo cha pili cha kina kilichobaki. Ukiifuatilia kanuni hiyo kwa tangi la namna hii, na tuseme linakauka kwa dakika 50, ujazo uliobaki baada ya dakika t unakuwa:

V(t) = 0.4(50 − t)²

Jaribu mwenyewe. Ukiweka t = 0 unapata 0.4 × 2500, yaani lita 1000. Ukiweka t = 50 unapata sifuri. Tangi la kweli litakwenda pembeni kidogo na fomula hii, kwani bomba lina msuguano wake na mfereji hauko chini kabisa, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Sasa swali lenyewe: dakika ya 20 ilipotimia, maji yalikuwa yanatoka kwa kasi gani?

Wanafunzi wengi hapa hukimbilia kugawa kinachoonekana. Lita zilizobaki ni V(20) = 0.4 × 900 = 360, basi huchukua 360 na kugawa kwa 20, wakapata 18. Namba hiyo haina maana yoyote, kwa sababu 360 ni maji yaliyobaki na 20 ni muda uliopita, havihusiani. Mwengine mwenye uangalifu zaidi huchukua maji yaliyotoka, 1000 − 360 = 640, akagawa kwa 20 na kupata lita 32 kwa dakika. Hii ina maana, lakini ni wastani wa dakika zote 20 za mwanzo, zikiwemo zile ambazo maji yalikuwa yanaruka. Dakika ya 20 yenyewe imeshapoa kuliko hivyo.

Ili tuijue dakika ya 20 lazima tupime karibu nayo. Chukua ndoo, iweke chini ya mfereji dakika ya 20 ilipotimia, na uangalie saa. Ndoo ikijaa unagawa lita kwa muda. Hapo umepata wastani tena, lakini wastani wa muda mfupi baada ya dakika ya 20. Ukitumia kopo la lita moja badala ya ndoo, muda unakuwa mfupi zaidi na wastani unakuwa wa karibu zaidi. Huo muda wa kujaza chombo ndio h.

Kwa fomula hatuhitaji kuchota. Wastani kutoka dakika ya 20 mpaka dakika ya 20 + h ni

[V(20 + h) − V(20)] / h

Tukiweka h = 10 tunatumia V(30) = 160, na wastani ni (160 − 360)/10 = −20. Alama ya kutoa inatuambia kuwa ujazo unapungua. Usiitupe, kwani ndiyo inayotofautisha tangi linalokauka na tangi linalojaa. Tukiweka h = 5, V(25) = 250, na wastani ni −22. Kwa h = 1, V(21) = 336.4, na wastani ni −23.6. Kwa h = 0.1 unapata −23.96, na kwa h = 0.01 unapata −23.996. Unaweza pia kurudi nyuma, upime dakika moja kabla: h = −1, V(19) = 384.4, na wastani ni 24.4 gawa kwa −1, yaani −24.4. Sehemu moja ya kumi ya dakika kabla inatoa −24.04.

Namba zinasogea −24 kutoka pande zote mbili. Lakini hakuna hata moja iliyofika. Na ukijaribu kuweka h = 0 kwenye sehemu ile, juu unapata 360 − 360 na chini unapata 0. Sifuri juu ya sifuri haikwambii kitu: si 0, si 1, ni swali ambalo halijaulizwa vizuri. Hapo ndipo penye mzozo wako, nasi tuuendee polepole.

Fungua V(20 + h) kwa aljebra. Ni 0.4(30 − h)², yaani 0.4(900 − 60h + h²), yaani 360 − 24h + 0.4h². Toa 360, unabaki na −24h + 0.4h². Gawa kwa h, jambo ambalo ni halali kwa sababu h si sifuri, na wastani unakuwa

−24 + 0.4h

Simama hapo. Usiweke sifuri bado. Angalia kwanza mstari huu unasema nini kuhusu h zisizo sifuri: wastani wowote utakaoupima, kwa muda wowote h, mbele au nyuma, utakosana na −24 kwa 0.4h tu. Rudi kwenye namba zetu: h = 10 ilikosana kwa 4, h = 1 kwa 0.4, h = −1 kwa 0.4 upande wa pili. Aljebra imetupa zaidi ya orodha ya namba. Imetupa kosa lenyewe, linavyopungua na h.

Kikomo ni dai juu ya kosa hilo. Lisikilize kama mabishano ya barazani. Mimi nasema kikomo ni −24. Wewe mbishi unaniambia: "Sikubali mpaka wastani ukosane na −24 kwa chini ya 0.001." Nakujibu: chukua h yoyote isiyo sifuri, iliyo kati ya −0.0025 na 0.0025, nawe utapata ulichotaka, kwa sababu 0.4 × 0.0025 ni 0.001. Unarudi: "Nataka chini ya 0.000001." Nakupa h ndani ya 0.0000025. Kila ukikaza, ninalo jibu, na najua mapema litakuwa nini: kosa unalolitaka, mara 2.5. Tukisema kikomo cha wastani, h inapokaribia sifuri, ni −24, maana yake ni hiyo tu, kwamba katika mabishano haya mbishi hana namba ndogo itakayonishinda. Katika maneno yote hayo, h haikuwa sifuri hata mara moja. Hata "inakaribia" ni njia ya kusema tu; h haitembei kwenda popote.

Labda utasema, na mwengine akidai kikomo ni −23.99, je? Naye mbane vivyo hivyo. Kati ya −23.99 na −24 pana pengo la 0.01. Kwa h yoyote iliyo ndani ya 0.01, wastani uko ndani ya 0.004 ya −24, basi uko mbali na −23.99 kwa zaidi ya 0.006. Ukimtaka afike ndani ya 0.005, hana h ndogo ya kukupa. Kwa hiyo −24 haikuchaguliwa kwa sababu inapendeza. Ni namba moja tu inayoshinda mabishano, na nyengine zote zinashindwa.

Sasa ule mstari unaokukera, unaosema "weka h = 0". Hapa pana funksheni mbili zinazofanana mno. Ya kwanza ni wastani wenyewe, ule wenye h chini, na hiyo haina thamani pale h = 0; grafu yake ni mstari ulionyooka wenye tundu moja. Ya pili ni −24 + 0.4h, mstari uleule lakini umezibwa tundu. Zinakubaliana kila pahala isipokuwa kwenye tundu. Na kikomo, kama ulivyoona barazani, hakiangalii kwenye tundu. Kinaangalia jirani zake tu. Basi kikomo cha ya kwanza ni kilekile cha ya pili. Na ya pili ni mstari ulionyooka usio na mkato, kwa hiyo kikomo chake pale sifuri ni sawa na thamani yake pale sifuri. Tunapoweka h = 0 tunaiweka kwenye ya pili, ambayo haina ugomvi na sifuri, kwa sababu tu ni njia rahisi ya kuisoma namba −24. Ile ya kwanza hatukuigawa kwa sifuri, wala hatukubadilisha maneno katikati ya njia.

Kwamba kukata h si kikomo chenyewe utaliona siku mtakapofika kwenye sin h gawa kwa h. Hapo hakuna h ya kukata. Ukipima pembe kwa radiani, h = 0.1 inatoa kama 0.9983, na h ndogo zaidi zinasogea 1. Kikomo ni 1, lakini inabidi kithibitishwe kwa njia nyengine, kwa kulinganisha maeneo ndani ya duara. Anayeamini kuwa kikomo maana yake ni "kata kisha weka sifuri" hukwama pale.

Nirudi kwenye swali lako la pili, kasi ya papo hapo ni kasi ya nini. Si kasi ya muda wa sifuri. Katika muda wa sifuri halitoki hata tone, na hakuna cha kugawa. Tunaposema dakika ya 20 maji yalikuwa yanatoka kwa lita 24 kwa dakika, tunasema jambo juu ya vipindi vyote vifupi vinavyoizunguka dakika hiyo: wastani wao wote umebanwa karibu na 24, na unabanwa zaidi kadiri vinavyofupika. Hiyo ndiyo derivativu, na tunaiandika V'(20) = −24. Ni kiwango cha mabadiliko ya ujazo kwa muda, na vipimo vyake ni vilevile vya wastani, lita kwa dakika. Mwanafunzi akiniandikia "−24" bila vipimo ninamrudishia daftari.

Jambo moja la kuchunga. Utashawishika kuchukua kikokotoo na kuweka h ndogo kupindukia, ukidhani ndiyo utafika hasa. Weka h = 0.0000000001. V(20 + h) ni 359.9999999976, lakini kikokotoo kinachobeba tarakimu 10 kitaikadiria kuwa 360. Utatoa 360 kwa 360, utapata sifuri, utagawa, na jibu litakuwa 0. Maji yamesimama! Dalili ya kosa hili ni kwamba namba zilikuwa zinatulia vizuri kuelekea −24, kisha ghafla zikaruka. Ukiona hivyo rudi kwenye h kubwa kidogo. Ndiyo maana jedwali la namba linakusaidia kubahatisha kikomo, lakini aljebra ndiyo inayokithibitisha.

Tukifanya kazi ileile bila kutaja 20, tukaacha t, tofauti ya juu inakuwa −0.8(50 − t)h + 0.4h², na baada ya kugawa tunabaki na −0.8(50 − t) + 0.4h. Kikomo chake ni

V'(t) = −0.8(50 − t)

Hii inakupa kila dakika kwa mara moja. Mwanzo kabisa maji yanatoka kwa lita 40 kwa dakika, dakika ya 40 ni lita 8 tu, na dakika ya 50 ni sifuri. Angalia dakika ya 25, nusu ya muda wote. Lita zilizobaki ni 250, robo ya tangi, na kasi ni lita 20 kwa dakika, nusu ya ile ya mwanzo. Kina kimebaki robo, kasi imebaki nusu: hicho ndicho kipeuo cha pili cha Torricelli, kimetoka chenyewe kwenye derivativu. Na ndiyo sababu robo ya mwisho ya tangi inakula muda sawasawa na robo tatu za mwanzo, jambo ambalo anayengojea ndoo yake chini ya mfereji analijua bila kufundishwa.

Kikomo pia kinaweza kukosekana, nalo ni muhimu kulijua kabla hujafika kwenye mtihani. Tuseme dakika ya 20 ilipotimia mtu akaufunga mfereji kwa ghafla. Ujazo unabaki 360 tangu hapo. Ukipima mbele, kwa h yoyote chanya, wastani ni (360 − 360)/h, yaani 0. Ukipima nyuma, kwa h hasi, wastani ni uleule wa zamani, −24 + 0.4h. Upande mmoja unang'ang'ania 0, wa pili unasogea −24. Mbishi akitaka namba moja iliyo ndani ya 1 ya pande zote mbili, hakuna wa kumpa. Kwa hiyo V haina derivativu dakika hiyo, ingawa ujazo wenyewe haukukatika: ni lita 360 ukija kutoka kushoto na lita 360 ukija kutoka kulia. Kwenye grafu utaona kona. Usiandike −12 kwa kuchukua katikati ya 0 na −24. Nimeliona jibu hilo kwenye daftari nyingi.

Kwenye karatasi ya mtihani, andika lim pamoja na h→0 katika kila mstari ambao h bado ipo, na uliondoe pale tu unapoandika namba. Wengi huliacha kuanzia mstari wa pili, wakawa wanadai kuwa wastani ni sawa na −24, jambo ambalo si kweli kwa h yoyote.

Jaribu mwenyewe dakika ya 35 kwa njia ndefu, usitumie fomula ya jumla. V(35) ni 90, na kabla ya kikomo unatakiwa ubaki na −12 + 0.4h. Ukijikuta na 90 iliyogawiwa kwa h na isiyokatika, umesahau kutoa V(35). Ukipata +12, umefungua (15 − h)² kama kwamba ni (15 + h)².